Moshi Mweupe Uliokataa Kuisha

Gari lililetwa karakana mwezi wa Julai, hapa Mbeya, asubuhi ambayo karibu kila gari mjini lilikuwa likitoa moshi mweupe. Ndiyo maana mwenyewe, mwalimu wa sekondari, alikaa nalo miezi miwili kabla ya kulileta. Kila aliyemwuliza alimjibu kuwa ni baridi. Kilichomtia wasiwasi mwishowe ni kopo la akiba la maji. Kila Jumamosi aliongeza karibu nusu lita, na chini ya gari hapakuwa na hata tone.

Waliomwambia ni baridi walikuwa na sababu. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita nzima ya maji, kwa kuwa hidrojeni iliyomo ndani yake huungana na oksijeni ya hewa. Asubuhi ya baridi mvuke huo hupoa ghafla na kugeuka vitone vidogo, nasi tunaona wingu. Ekzosi ikishapata moto, mvuke hutoka bila kuonekana. Kwa hiyo cha kuangalia ni wakati moshi unapokoma. Tuliendesha kilomita kumi, mshale wa joto ukatulia mahali pake, na tuliposimama moshi ulikuwa bado unatoka, mzito, ukielea nyuma ya gari kabla ya kutawanyika. Haukuwa na ubluu wala harufu ya oili. Haukuwa hata na ile harufu ya utamu ambayo mafundi wengi huitafuta. Utamu huo ni wa glaikoli iliyomo kwenye koolanti, na gari hili lilikuwa limejazwa maji ya bomba kwa miaka. Anayesubiri harufu kwenye gari la namna hiyo atasubiri sana.

"Lakini fundi, mshale haujawahi kupanda hata siku moja," mwalimu aliniambia.

Kauli hiyo ilinifanya niende polepole. Gasketi ya hedi huungua zaidi baada ya injini kuchemka: hedi ya alumini hupinda, mbano hulegea, na moto wa silinda hupata upenyo. Kama injini haikuchemka, kuna mtu wa kuniuliza kwa nini nataka kufungua hedi, na anastahili jibu.

Tuliiacha injini ipoe kabisa, tukajaza rejeta, tukafunga pampu ya mkono ya kupimia presha mahali pa mfuniko. Mfuniko wa gari hili umeandikwa 0.9, yaani baa 0.9, na hatukuzidisha hapo, maana kuzidisha kunaweza kupasua rejeta nzima. Katika dakika ishirini mshale wa pampu ulishuka hadi 0.6. Tulikagua hozi, wota pampu na rejeta kwa tochi: pakavu. Zulia la abiria, ambako hita ikivuja maji huishia, lilikuwa kavu pia. Maji yalikuwa yakiingia ndani ya injini.

Tukaongeza presha, tukaliacha gari usiku kucha. Asubuhi tulitoa plagi zote nne. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Ya silinda ya tatu ilikuwa safi kama iliyosuguliwa, kwa sababu mvuke huosha masizi. Tulikata mafuta na umeme wa plagi, tukazungusha injini kwa stata, na tundu la tatu likarusha ukungu wa maji. Hatua ya kutoa plagi kwanza si ya kurukwa. Maji hayabanwi kama hewa, na silinda yenye maji mengi ikizungushwa huku imefungwa inaweza kupinda fimbo ya pistoni. Mwalimu alikumbuka hapo kuwa kila alfajiri injini ilitetemeka sekunde chache kabla ya kutulia. Mashine ya kusoma hitilafu nayo ilikuwa imehifadhi P0303, yaani silinda ya tatu ilikuwa ikikosa kuwaka.

Kuna kipimo kingine kinachopendwa sana: kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moto ndani ya rejeta. Kwetu kilibaki bluu injini ikinguruma bila mzigo. Fundi mmoja kijana alitaka tuache hapo. Lakini kipimo hicho hutafuta gesi inayotoka silindani kwenda kwenye maji, na tundu dogo sana huweza kuvuja zaidi upande wa pili. Injini ikizimwa, silinda haina presha yoyote huku mfumo wa maji ukiwa bado umebanwa karibu baa moja, na maji hupenya taratibu. Jibu la njano lina uzito mkubwa. Jibu la bluu halimalizi kesi. Vivyo hivyo oili yetu ilikuwa safi, haina ule uji wa rangi ya maziwa, kwa kuwa njia ya maji ilielekea silindani tu, mbali na njia ya oili.

Kipimo cha mwisho kilikuwa hewa ya kompresa. Tuliweka pistoni ya kila silinda juu kabisa, valvu zikiwa zimefungwa, tukaingiza hewa kupitia tundu la plagi huku mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Kwenye ya kwanza, ya pili na ya nne maji yalitulia. Kwenye ya tatu mapovu yalipanda baada ya nusu dakika. Hilo lilithibitisha njia kati ya silinda na maji. Halikusema kama ni gasketi au ni ufa kwenye hedi, na hakuna kipimo cha nje kinachoweza kulisema kwa uhakika. Mwalimu alielezwa hivyo kabla hajakubali gharama.

Tulipofungua, mwalimu alipata haki yake. Rula ya chuma na filagaji zilionyesha mpindo usiofikia milimita 0.05, ambao ndio ukomo wa hedi hii. Haikuwa imepinda. Lakini pembeni ya silinda ya tatu, ukingo wa tundu la maji ulikuwa umelika, una vishimo kama jino bovu, na kimoja kilikuwa kimefika chini ya ringi ya gasketi. Maji ya bomba yasiyo na dawa ya kuzuia kutu yalikuwa yamekula alumini kidogo kidogo hadi gasketi ikakosa mahali pa kukalia. Kama tungetupia gasketi mpya juu ya vishimo hivyo, tungekuwa tumenunua miezi michache tu.

Hedi ilipelekwa kwa wachonga vyuma, ikapimwa ufa kwa hewa ndani ya maji ya moto, ikaonekana nzima, ikachongwa milimita 0.15 hadi vishimo vikaisha. Uso wa bloku ulipimwa nao. Boliti zilikuwa mpya, maana za injini hii huvutika zikikazwa. Matundu yake tuliyapuliza hadi yakakauka, kwa kuwa maji yakibaki chini ya boliti huidanganya spana na yanaweza kupasua bloku. Tulikaza kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua tatu za mwongozo, bila silikoni juu ya gasketi ya chuma.

Rejeta ilijazwa nusu koolanti na nusu maji yaliyosafishwa kwa mvuke, na kopo likachorwa mstari kwa kalamu. Baada ya kilomita 1,000 maji yalikuwa kwenye mstari uleule, na plagi ya tatu ilikuwa imeshika rangi ya wenzake. Asubuhi moshi mweupe bado hutoka dakika chache za kwanza, kisha unapotea.