Picha Isiyosema Inachoonesha: Maandishi ya Kejeli katika Picha za Utani, Kibaha na Kisarawe

Picha za utani zinazosambazwa kwa simu, ambazo vijana wengi huziita memu, aghalabu huhakikiwa kama zao la mtandao tu. Mtazamo huo hautoshi kwa Mkoa wa Pwani. Kisarawe ni nchi ya Wazaramo, na Kibaha, makao makuu ya mkoa kando ya Barabara ya Morogoro, imewachanganya Wazaramo na Wakwere pamoja na wageni wengi kutoka bara. Katika maeneo hayo kukejeliana kulikuwa na kanuni zake kabla ya simu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hufika msibani akamwigiza marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa utani, aliuita uhusiano wa aina hii ukosefu wa heshima ulioruhusiwa. Kwa upande wa pili ipo kanga, nguo yenye picha na maandishi pamoja. Mwanamke aliyevaa kanga ya kijembe hajamtaja jirani yake. Jirani ndiye anayejitaja kwa kukasirika.

Swali la uhakiki huu ni dogo: picha moja ikiwekewa maandishi mawili tofauti, kwa nini moja huchekesha na jingine hupita bila kicheko? Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alieleza kuwa maandishi hutia nanga maana ya picha, yaani huchagua maana moja kati ya nyingi na kumzuia msomaji asipotee. Maelezo hayo yanafaa kwa picha ya gazeti. Maandishi ya kejeli hufanya kinyume chake: huing'oa picha mahali pake na kuipeleka mahali ambapo mpigaji hakuikusudia.

Uchukuliwe mfano uliobuniwa kwa ajili ya uchambuzi. Kijana amepanda daladala asubuhi kutoka Maili Moja, Kibaha, kwenda Mbezi. Amesinzia, kichwa kimeegemea dirisha na mdomo umeachama. Rafiki yake anampiga picha na kuituma katika kundi sogozi la kamati ya harusi, ambamo aliyesinzia ndiye mweka hazina. Akiandika, “Jamaa amelala kwenye daladala,” hakuna atakayecheka sana, kwa kuwa maneno yanarudia kile ambacho jicho limekwisha kuona. Akiandika, “Amelala kama gunia la mkaa,” kuna tashibiha, na pengine tabasamu. Lakini akiandika, “Mweka hazina wetu, michango ikiendelea kupokelewa,” kamati nzima itaangua kicheko.

Tofauti haimo katika ukali wa maneno, maana sentensi ya tatu ndiyo yenye adabu kuliko zote. Inaweza kusomwa katika kikao chochote. Uchekeshaji wake unatokana na maneno mawili ambayo hayakuandikwa. La kwanza ni mdomo. Maandishi hayautaji, lakini kitenzi “kupokelewa” kinamlazimisha msomaji atafute katika picha mahali pa kupokelea, na anaukuta umeachama. La pili ni kula. Katika Kiswahili cha Tanzania fedha ya umma hailiwi kwa sitiari tena. Kitenzi hicho kimezoeleka mno kwa maana ya ubadhirifu hata kimepoa. Picha inakirudishia meno. Msomaji ndiye anayekamilisha shutuma kichwani mwake, na kwa hiyo anakuwa mshirika wa mkejeli. Jaribio rahisi linathibitisha hoja hii: sentensi ikibadilishwa kuwa “Mweka hazina wetu akila michango,” kila kitu kipo wazi, na kicheko kinapungua. Kilichokuwa fumbo kimekuwa taarifa.

Rejista nayo ina kazi. Lugha ya mihutasari ya vikao imevikwa mwili uliosinzia, na kadiri rejista inavyozidi kuwa rasmi ndivyo umbali kati ya neno na picha unavyoongezeka. Nadharia ya kutolingana inaueleza umbali huo vizuri. Isichoweza kueleza ni kwa nini maandishi yaleyale, juu ya picha ileile, yanaweza kuvunja urafiki.

Iwapo mweka hazina ametunza fedha vizuri, shutuma ni ya uongo na kila mwanakamati anajua hivyo. Uongo huo unaojulikana ndio kibali cha kucheka. Iwapo mahesabu yana utata tangu juma lililopita, sentensi hiyohiyo ni mashtaka yaliyovaa nguo za utani. Mhakiki hawezi kuitambua hali hii kwa kuyasoma maandishi peke yake. Anapaswa kusoma majibu. Katika utani, aliyekejeliwa hujibu kwa picha: siku hiyohiyo ataitafuta ya mkejeli akiwa anatafuna mishikaki, naye ataiandikia cheo. Katika shutuma, hujibu kwa maelezo, au hunyamaza, au hujitoa katika kundi. Maelezo marefu chini ya picha ya kuchekesha ni dalili ya kuaminika kwamba haikuwa ya kuchekesha. Msibani Kisarawe mtani wa leo anajua kwamba kesho msiba utakuwa kwake, na haki ya kukejeli inalipiwa kwa kukubali kukejeliwa. Maandishi ya picha yameirithi kanuni hiyo, ingawa vijana wengi wanaoifuata hawaijui asili yake.

Kanuni hiyo inapata shida picha inapokuwa ya kiongozi. Hayati Rais John Magufuli alijulikana kwa kutania watu hadharani katika mikutano yake, na waliotaniwa walicheka. Mwishoni mwa Oktoba 2019, Rais alipotimiza miaka 60, mchekeshaji Idris Sultan alisambaza picha mbili ambamo alibadilishana sura na Rais, pamoja na maneno ya kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Maneno yalikuwa ya upole, na umbali kati ya kiti cha dola na sura ya mchekeshaji ndio uliochekesha. Aliitwa polisi na kuhojiwa. Nadharia inayodai kwamba anayecheka hujiona bora kuliko anayechekwa inashindwa hapa, kwa sababu mchekeshaji hakuwa juu ya Rais kwa namna yoyote. Alichofanya ni kudai kuwa mtani, yaani mtu wa kurudishiana.

Tukio la Mei 2020 linafaa zaidi kwa hoja ya maandishi, kwa kuwa maandishi hayakuhitajika. Idris alijirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais akiwa amevaa suti kubwa kuliko mwili wake. Hakuandika shutuma wala kubuni cheo. Kicheko chenyewe kilisimama mahali pa maandishi, na mtazamaji akakamilisha: mwili wa kijana wa zamani ndani ya nguo iliyomzidi, ukitazamwa na watu wanaoujua uzito wa cheo kilichokuja baadaye. Karibu kila familia ya Kibaha ina picha ya namna hiyo kabatini, ya mjomba au baba mdogo aliyevaa suti ya kuazima, na huchekwa kila inapotolewa. Idris alikamatwa. Mashtaka yaliyofikishwa mahakamani baadaye mwezi huo hayakuitaja suti wala kicheko. Yalihusu usajili wa laini ya simu.