Mkataba wa ukurasa mmoja na ankara tatu

Msanifu kurasa wa Dar es Salaam anapewa kazi na shirika lisilo la kiserikali: kupanga ripoti ya mwaka yenye kurasa 60, kwa shilingi 1,800,000. Makubaliano yanafanyika kwa WhatsApp, kwa sentensi moja: "Nusu unapoanza, nusu kazi ikikamilika." Kila upande unaridhika. Mwezi unapita. Rasimu imelala mezani kwa mkurugenzi aliye safarini, ofisa wa mradi anataka picha zibadilishwe kwa mara ya nne, na mhasibu anasema hana mamlaka ya kulipia kazi ambayo haijakamilika. Hakuna mwongo hapo, ila fundi hana hela.

Tuchukue mfano huu tuone sentensi ile ingeandikwaje. Kisheria haina kasoro. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 10, inatambua makubaliano ya watu wenye sifa za kuingia mkataba, waliokubaliana kwa hiari, kwa malipo na kwa lengo halali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo inatambua mikataba inayofungwa kwa ujumbe wa kielektroniki. Kwa hiyo WhatsApp si tatizo. Tatizo ni kwamba nusu ya pesa imefungwa kwenye jambo ambalo mteja peke yake ndiye mwenye kuamua limetokea lini.

Dawa yake ni kufunga kila malipo kwenye tukio ambalo fundi anaweza kulifikia mwenyewe na kulithibitisha kwa tarehe. Ukurasa mmoja unatosha, na moyo wake ni vipengele hivi vitatu:

"1. Kazi ni kupanga ripoti isiyozidi kurasa 60, kutokana na maandishi yaliyokwisha kuhaririwa na picha zitakazotolewa na mteja. Kitakachokabidhiwa ni faili la PDF la kuchapia.

2. Bei ni sh. 1,800,000 kabla ya kukatwa kodi ya zuio. Sh. 720,000 zitalipwa mkataba unaposainiwa, na kazi itaanza zikishapokelewa. Sh. 540,000 zitadaiwa siku 5 za kazi baada ya rasimu ya kurasa zote kutumwa kwa barua pepe, maoni yawe yametoka au hayajatoka. Sh. 540,000 za mwisho zitalipwa kabla ya faili la kuchapia kukabidhiwa, au siku 30 baada ya marekebisho ya mwisho kutumwa iwapo mteja hatajibu. Kila ankara italipwa ndani ya siku 14.

3. Mteja atatoa maoni kwa maandishi, yote kwa pamoja, kupitia ofisa mmoja atakayemtaja. Awamu 2 za marekebisho zimo ndani ya bei. Kila awamu ya ziada ni sh. 120,000, na itaanza baada ya mteja kuikubali kwa barua pepe."

Kipengele cha pili ndicho kinachobeba mzigo. Malipo ya kwanza ni kishika uchumba cha kawaida, asilimia 40. Malipo ya pili hayasubiri mkurugenzi arudi safari, yanasubiri barua pepe ya fundi mwenyewe, na barua pepe ina tarehe. Mteja naye hajaachwa wazi: rasimu lazima iwe ya kurasa zote, na bado anabaki na awamu mbili za kurekebisha kabla ya malipo ya mwisho kutoka. Maneno "iwapo mteja hatajibu" yanaziba tundu jingine, la mteja anayenyamaza kwa sababu fedha za kuchapa hazijaingia. Bila hayo, malipo ya mwisho yanaweza kuning'inia mwaka mzima bila mtu kuvunja mkataba.

Kipengele cha tatu kinazuia kazi isikue kimyakimya. Maofisa watatu wakituma maoni kila mmoja kwa siku yake, hakuna anayejua awamu imeanzia wapi na kuishia wapi. Ndiyo maana maoni yanapitia kwa mtu mmoja, na bei ya awamu ya ziada inaandikwa mapema, kabla kuitaja hakujageuka ugomvi.

Sasa ankara. Kosa la kawaida ni kuiandika kana kwamba mkataba haupo: "Huduma ya usanifu, sh. 540,000." Mhasibu anayeandaa vocha ya malipo hakuwa kwenye mazungumzo yenu. Anahitaji karatasi anayoweza kuilinganisha na mkataba bila kumuuliza mtu. Tuseme rasimu imetumwa Jumatatu tarehe 17 Machi 2025. Siku tano za kazi zinaisha Jumatatu tarehe 24, na ankara inatoka kesho yake:

"Ankara Na. 002/2025. Tarehe 25 Machi 2025.
Malipo ya pili, kipengele cha 2 cha mkataba wa tarehe 3 Machi 2025: rasimu ya kurasa 60 iliyotumwa kwa barua pepe tarehe 17 Machi 2025. Sh. 540,000.
Kodi ya zuio 5%: sh. 27,000.
Kiasi cha kulipwa: sh. 513,000.
Mwisho wa kulipa: 8 Aprili 2025."

Chini yake linakuja jina la akaunti kama lilivyo benki, namba ya akaunti na TIN. Mwisho wa kulipa umeandikwa kwa tarehe ya kalenda kwa sababu maneno "ndani ya siku 14" yanaibua ubishi: tangu ankara iandikwe, au tangu imfikie mhasibu?

Mstari wa zuio unahitaji maelezo. Shirika linapomlipa mkazi ada ya huduma za kitaalamu, linakata asilimia 5 na kuiwasilisha TRA. Asiyejua hilo akiona 513,000 zimeingia, atadhani amepunjwa. Fedha ile haikupotea: ni kodi yake iliyolipwa mapema, na atahesabiwa anapofanya makadirio ya mwaka, mradi adai hati ya zuio kutoka kwa mteja. Lakini ni fedha ambayo hatakuwa nayo mkononi. Katika kazi nzima ni sh. 90,000, na ndiyo maana mkataba unasema bei ni "kabla ya kukatwa kodi ya zuio." VAT nayo isiandikwe kwenye ankara ya mtu ambaye hajasajiliwa kuitoza.

Mteja akichelewa, wengi hukimbilia kuandika faini kubwa. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinapunguza makali yake: hata kiasi kikitajwa kwenye mkataba, mahakama hutoa fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho, si lazima chote. Kinachomlinda zaidi fundi ni faili. Rasimu zote zitoke na picha za ubora mdogo na neno RASIMU likikatiza kila ukurasa, na kipengele kimoja kifupi kiseme kwamba kazi itasimama ankara ikipitisha tarehe yake.

Hata hivyo hatari haifutiki, ila inapimika. Siku rasimu inapotumwa, tuseme asilimia 70 ya kazi imekwisha na iliyolipwa ni asilimia 40. Mteja akitoweka hapo, hasara ni sh. 540,000. Fundi asiyeweza kuibeba hasara hiyo aombe asilimia 50 mwanzoni, au aigawe rasimu mara mbili, kurasa 30 kwanza na ankara yake. Mahali pa kuliamua hilo ni kwenye kipengele cha pili, kabla ya saini.