Vikombe Vitano

Siku hizi ukitaka kusomewa taroti huna haja ya kutoka kitandani. Unagusa simu, karata inafunuka, unaambiwa usonge mbele. Mama mmoja wa Ruiru, upande wa Kihunguro, bado anasoma kwa mkono, na tangu nimwone akiisoma Vikombe Vitano nimekosa subira na wasomaji wa simu.

Karata zake ni zile zilizochorwa na Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909. Kwenye Vikombe Vitano, mtu amejifunika joho jeusi, ameinamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimemwagika. Nyuma yake viwili vimesimama. Ng'ambo ya mto kuna ngome, na daraja lipo.

Aliyeketi mbele ya mama siku hiyo alikuwa binti aliyefunga duka lake la keki Makongeni, Thika. Msomaji wa haraka angemwonyesha vile viwili papo hapo. Mama hakuvigusa. Aliweka kidole juu ya kikombe cha kwanza kilichomwagika, akasema, "Hiki kipe jina, mwanangu."

"Pesa, mama."

"Pesa ni karata za sarafu. Hapa ni vikombe. Moyo ulipoteza nini?"

Hapo ndipo ufundi ulipo. Vikombe ni nyumba ya mapenzi na majonzi, kwa hiyo karata hii ikitoka baada ya biashara kufa, deni si kilio chenyewe. Binti alinyamaza kitambo, kisha akavitaja. Kibao cha duka kilikuwa na jina la marehemu mamake, na alikiteremsha mwenyewe. Yeye na rafiki aliyeanza naye hawasalimiani tena. Cha tatu kilimtoa machozi: zile alfajiri za kuwasha oveni kabla mtaa haujaamka.

Vitatu vilipokwisha kutajwa ndipo mama alipouliza vya nyuma. Binti akataja oveni, maana hakuiuza. Mama akaikataa: hiyo nayo ni sarafu. Hatimaye vikapatikana. Dada yake alikuwa akija kila Jumamosi kuosha trei bila kulipwa, na bado anakuja, ingawa hakuna trei. Na mkono wake mwenyewe ungali unajua unga umelainika kiasi gani bila kupima.

Akauliza kama achukue mkopo afungue tena. Mama alikataa kujibu. Karata hii, alisema, inaonyesha daraja, lakini mtu aliyechorwa hajageuka, na msomaji hana ruhusa ya kumgeuza. Viwili havilipi vitatu. (Laiti wahubiri wetu wa matangani wangelijua hilo.)

Mama hana mwanafunzi. Vijana humjia wakitaka ndiyo au la, wakiambiwa wataje walichomwaga huitazama saa. Nao wa kwenye simu hawaulizi kabisa. Wanamwambia mfiwa ageuke, na vikombe vyake vitatu vinabaki pale chini, havina hata majina.