Kete za De Moivre

Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kijitabu kuhusu michezo ya bahati, akakimaliza kwa maswali matano. La tano lilitoka kwa Pascal. Wachezaji wawili wana kete 12 kila mmoja, nao wanarusha dadu tatu. Jumla ikiwa 11, A anachukua kete moja ya B. Ikiwa 14, B anachukua moja ya A. Jumla nyingine hazihesabiwi. Anayeishiwa kete amefilisika. Je, kila mmoja ana nafasi gani ya kushinda?

Jumla ya 11 hupatikana kwa njia 27, na 14 kwa njia 15. Kwa hiyo katika kila mirusho 14 inayohamisha kete, A hutarajiwa kushinda 9 na B 5. Mtu angeweza kuandika mlinganyo kwa kila idadi ya kete za A, kuanzia 1 hadi 23, kisha akaifumbua yote pamoja. Abraham de Moivre, Mfaransa aliyehamia London, mwaka 1711 alionyesha njia ambayo hadi leo naistaajabia.

Panga kete zote 24 mstari mmoja, za A zikitangulia. Ipe ya kwanza thamani yoyote, na kila inayofuata iwe 5/9 ya iliyo mbele yake. Zinazoshindaniwa daima ni kete mbili zinazopakana mpakani. A ana nafasi 9 za kupata iliyo ndogo na 5 za kupoteza iliyo kubwa, na 9 × 5/9 ni 5: hapati faida wala hasara. Dadu ni zilezile, lakini sasa kila mrusho ni wa haki.

Basi mchezo mzima nao ni wa haki, na nafasi za wachezaji zinafuata uwiano wa thamani walizoanza nazo: 9^12 kwa 5^12. A hufilisika takriban mara moja katika michezo 1,158.

Muda nao hupatikana kwa ustadi uleule. Kila mrusho unaohamisha kete humpa A wastani wa 2/7 ya kete, na mchezo ukiisha faida yake ya wastani ni kete 11.98. Gawanya, utapata mirusho kama 42.

Nafasi za wachezaji katika kila mrusho zikiwa sawa, faida ya wastani ni sifuri na mgawanyo huo haufanyi kazi. Hapo tazama mraba wa faida: huongezeka kwa wastani wa 1 kila hatua, na mwishoni ni 144. Hivyo muda wa wastani ni mirusho 144.

Lakini hoja hii inategemea mipaka yote miwili, yaani kufilisika kwa A na kufilisika kwa B. Nafasi zikiwa sawa, na kete za B zikiwa hazina mwisho, A atafilisika kwa hakika, ingawa wastani wa muda wake hauna kikomo. Ameanza na 12 akaishia na sifuri, japo kila mrusho ulikuwa wa haki. Ndiyo maana, kabla ya kulinganisha mwanzo na mwisho, sharti uhakikishe kwamba mali ya kila upande ina ukomo.