Siku Moja Iliyopotea Njiani Samunge

Mwalimu haanzi kwa kusahihisha. Muswada ukimfikia nyumbani kwake Wasso, kilomita chache kutoka Loliondo, anausoma wote mara moja kalamu ikiwa mbali, kama msomaji aliyeununua dukani. Ndipo anapofungua daftari la mistari, anagawa kurasa zake sehemu tatu, moja ya siku, moja ya majina na moja ya tahajia, na kuanza tena ukurasa wa kwanza. Nilikaa naye siku nne akifanya kazi hiyo, na tangu hapo nasoma riwaya kwa jicho jingine.

Muswada uliokuwa mezani ulikuwa riwaya ya Machi 2011, wakati maelfu ya watu walipomiminika kwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Mhusika mkuu, Naserian, ana mimba changa na anampeleka mama yake mgonjwa kwa gari la kukodi kutoka Arusha, kwa njia ya Mto wa Mbu, Engaruka na Ziwa Natron. Dereva ni mtu wa Pemba.

Katika sehemu ya siku, kila tukio lina mstari wake: sura, ukurasa, siku inayotajwa, na maneno yenyewe yanayoitaja. Hilo la mwisho ndilo lililonivutia. Mwalimu haandiki "Ijumaa" peke yake. Ananakili "kesho yake", "siku ya tatu ya foleni", "juzi", kama yalivyo. Hesabu haziharibiki pale tarehe inapotajwa wazi, aliniambia, bali kwenye vineno kama hivyo vinavyopita bila kutazamwa.

Hivyo ndivyo alivyoikamata siku iliyopotea. Sura ya 6 inasema waliondoka Arusha Alhamisi asubuhi, tarehe 17 Machi. Usiku huo wanalala Engaruka. Baadaye dereva anamsimulia mwenzake kwamba walilala pale "usiku wa Ijumaa". Sura ya 7 inaendelea: "Kesho yake, Jumamosi, wakaikuta foleni." Ukisoma harakaharaka huoni kitu. Lakini kwenye daftari mistari miwili ilikataa kukaa pamoja: usiku wa kwanza baada ya Alhamisi hauwezi kuamkia Jumamosi.

Mwalimu hakumlaumu mwandishi. Pwani, kwa hesabu ya zamani, siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Huku bara wengi wetu tungesema Alhamisi usiku. Mwandishi, mtu wa Karatu, alikuwa amelisikia neno hilo vizuri kutoka kwa Wapemba na kumpa dereva wake. Kisha, alipoandika sura iliyofuata, akalihesabu kwa hesabu ya kwao. Dereva alikuwa sahihi. Msimulizi ndiye aliyeruka siku.

"Ningeyagusa maneno ya dereva ningeharibu," alisema Mwalimu, na pembeni ya sura ya 7 akaandika kwa penseli: "Kesho yake, Ijumaa? Dereva abaki alivyo."

Siku ikirudishwa mahali pake, zote zilizo nyuma yake husogea. Usiku wa pili wa foleni, ambao mwandishi aliuweka Jumapili, sasa ukawa Jumamosi tarehe 19 Machi. Katika tukio hilo Naserian anampoteza mama yake katikati ya magari kwa sababu ya giza totoro. Mwalimu akaenda kuangalia kalenda ya mwezi, jambo ambalo nisingelifikiria. Tarehe 19 Machi 2011 mwezi ulikuwa mpevu, tena mkubwa kuliko ilivyo kawaida, kwa kuwa ulikuwa umeikaribia dunia kuliko miaka mingi iliyotangulia. Giza totoro lilihitaji sababu. Hakulifuta. Aliuliza tu: "Mawingu? Mvua za masika zinakaribia." Mwandishi akajibu kwa kuongeza sentensi moja ya wingu zito, na tukio likapata hata harufu ya mvua.

Pesa nazo zina tarehe. Mama mgonjwa anadondosha sarafu ya shilingi 500 ndani ya kopo la bati, nayo inalia. Sarafu ya 500 ilitoka mwaka 2014. Mwaka 2011 ilikuwa noti, na noti hailii. Hapa hapakuwa na wingu la kuokoa chochote, mlio ukaondoka.

Sehemu ya majina ina safu moja ambayo sijaiona kwa wahariri wengine: nani anamwita nani. Kwetu mtu mmoja ana majina mengi kwa haki kabisa, kwa hiyo kuhesabu majina peke yake hakusaidii. Kwenye safu hiyo aliona kwamba tangu sura ya 3 majirani wanamwita Naserian "Mama Lekishon", na Lekishon anazaliwa sura ya 9. Ni mtoto wake wa kwanza. Mwandishi alikuwa ameishi na mhusika wake hadi mwisho wa kitabu, akarudi mwanzo kuandika upya akiwa tayari anamjua kama mama wa mtu. Mwalimu alilipata jina hilo mahali saba na kulirudisha pote kuwa Naserian.

Jina la Babu mwenyewe, Mchungaji Ambilikile, magazeti yaliliandika Mwasapile na Mwasapila. Muswada ulikuwa na yote mawili, Mwalimu akaandika Mwasapile daftarini na kulifuata hilo. Mahali je? Dunia nzima ilisema "Loliondo", lakini Babu alikuwa kijiji cha Samunge, safari nyingine kutoka mji wa Loliondo. Akaamua abiria waseme Loliondo, kama walivyosema kweli, na msimulizi aseme Samunge.

Tahajia ndiyo iliyochukua muda mrefu. Mwandishi alichanganya Masai na Maasai, na nilidhani kompyuta ingemaliza kazi kwa dakika moja. Mwalimu akanionyesha. Ukiiambia itafute neno zima tu, inawaruka Wamasai, Kimasai na Umasaini, kwa kuwa maneno yetu huvaa viambishi mbele na nyuma. Ukiiambia itafute herufi hizo popote, inaingia ndani ya "masaibu" na kukupa "maasaibu". Kwa hiyo anatafuta popote, lakini anasimama kila mahali na kuamua kwa macho. Nilimhesabia: mara 94. Mara ya 60 na kitu ilikuwa masaibu.

"Mwingine" na "mwengine" aliyatenganisha kwa mdomo unaosema: msimulizi "mwingine", kama alivyolikuta kwenye kamusi, dereva "mwengine" siku zote. Palikuwa na sentensi mbili ambamo dereva alisema "mwingine", naye akampa chake.

Siku ya nne muswada ulikuwa tayari kwenda kwa mpanga kurasa, Arusha. Mwalimu anajua kwamba huko pia kuna mtu mwenye bidii, atakayeona neno limekosewa na kulinyoosha kwa nia njema saa tano usiku. Kwa hiyo juu ya faili aliweka ukurasa mmoja wa maamuzi, akaniomba nimsomee kwa sauti naye akifuatisha kwa kidole daftarini. Mstari wa mwisho ulimhusu dereva, ambaye ulimi wake wa pwani haumalizi jina kwa konsonanti.

"Naseriani," nilisoma, "sura ya 6 na ya 7, mara 11. Ibaki."

"Hesabu tena," alisema Mwalimu. "Tulipomwondoa Mama Lekishon, moja lilikuwa mdomoni mwa dereva."

Zilikuwa 12.