Kazi Iliyo Nyuma ya Cheo

Mteja akifika, mama mmoja ninayemfahamu haombi wasifu wa kazi aliokuja nao. Anaomba barua ya ajira, barua za kupandishwa cheo, barua ya kukaimishwa kama ipo, na Muundo wa Utumishi wa kada yake. Anazipanga mezani kwa tarehe, ya zamani kushoto, kisha anasoma kila moja hadi kwenye nakala za chini, mahali ambapo watu wengi hawaangalii. Kazi yake ni kuandika upya vyeo vya watumishi wa umma wa Tanzania ili mwajiri wa nje, awe shirika la kimataifa au kampuni binafsi, aelewe mtu alikuwa akifanya nini. Nimekaa pembeni ya meza hiyo mara nyingi, na bado nashangaa jinsi asivyokuwa na haraka.

Siku ninayoieleza, mteja alikuwa Afisa Ugavi wa halmashauri moja ya wilaya. Kwenye wasifu wake aliandika hivi: "Afisa Ugavi Daraja la I, TGS E, Kaimu Mkuu wa PMU." Mtumishi mwenzake angeielewa sentensi hiyo mara moja. Mtu wa nje asingepata kitu.

Mama alianza na ngazi. Katika utumishi wetu mwenye shahada huingia Daraja la II, kwenye ngazi ya mshahara ya TGS D, kisha hupanda kwenda Daraja la I, halafu Mwandamizi, halafu Mkuu. Namba zinashuka wakati mtu anapanda. Kwingine ni kinyume: Umoja wa Mataifa una P-2 iliyo chini ya P-3, na ngazi za walimu wa Kenya walio chini ya TSC huanzia B5 kuelekea D5. Msomaji aliyezoea huko akiona "Daraja la I" atadhani huyu ndiye aliyeingia jana. Kwa hiyo mama aliandika kwa penseli, pembeni ya barua ya pili: "juu ya ngazi ya kuanzia ya wenye shahada, chini ya Mwandamizi." Herufi za TGS alizikata. Zinaeleza mshahara unalipwa kwa kipimo kipi, na mwajiri wa nje hana kipimo hicho.

Kisha akasimama kwenye tarehe. Mteja aliajiriwa 2013, akapandishwa 2018. "Kaka, hapa katikati palikuwa na nini?" Jibu alilijua, ila alitaka kulisikia. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi, na wengi waliokuwa wamefikia zamu yao walisubiri. Asiyejua historia hiyo anaona mtu aliyekwama miaka mitano mahali pa kuanzia. Mama haandiki utetezi kwenye wasifu. Anachofanya ni kuigawa miaka hiyo kwa kazi badala ya cheo: miaka miwili ya kwanza stoo na mapokezi ya bidhaa, miaka iliyofuata maandalizi ya zabuni. Cheo kikabaki kilekile, majukumu yakaonekana yakikua. Kwangu mimi hapa ndipo ufundi wake unapoonekana zaidi, maana hajaongeza hata neno moja lisilo kwenye barua.

Sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa ya maswali. Mama hamwulizi mtu majukumu yake, kwa sababu akiulizwa hivyo atakariri Muundo wa Utumishi. Alimwambia achague manunuzi mamoja anayoyakumbuka vizuri na ayasimulie tangu ombi lilipofika mpaka mzigo uliposhushwa. Akachagua madawati ya shule za msingi. Mama akachora safu tatu kwenye karatasi: anayeandaa, anayeamua, anayesaini.

Idara ya elimu ilileta ombi. Mteja aliangalia kama limo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na kama fedha ipo, akaandaa nyaraka za kualika bei. Kamati ya tathmini ikalinganisha, bodi ya zabuni ikaidhinisha, Mkurugenzi Mtendaji akasaini mkataba, kamati ya ukaguzi na mapokezi ikahesabu madawati. Jina la mteja likaangukia safu ya kwanza karibu kila mahali. Katika wasifu wake wa zamani alikuwa ameandika kwamba "alitoa zabuni". Mama akaweka kidole kwenye safu ya pili, palipoandikwa bodi ya zabuni, akanyamaza. Mteja mwenyewe akasema, "Kweli, mimi niliandaa na kupeleka."

Kosa la namna hii hujulikana kwenye usaili. Anayesaili huuliza swali dogo tu, nani alikuwa akisaini, na mtu aliyejikweza huanza kuzunguka. Upande wa pili upo pia. Ule ukaimu aliouweka mwishoni kama nyongeza ulikuwa wa miezi kumi na minne, na kwa muda huo alikuwa katibu wa bodi ya zabuni, akiongoza kitengo kilichoandaa manunuzi ya zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa mwaka. Barua ya cheo haionyeshi chochote cha hayo, kwa kuwa kukaimu hakumbadilishii mtu daraja. Mama aliuhamisha ukaimu ukawa kifungu chake chenyewe, na tarehe zake za kuanza na kuisha.

Ndipo akaandika. Huandika kwanza kwa Kiswahili, Kiingereza hufuata mambo yakishakaa sawa:

"Afisa Ugavi Daraja la I (afisa ununuzi wa ngazi ya kati). Aliandaa mipango ya ununuzi na nyaraka za zabuni za halmashauri ya wilaya, na kuziwasilisha kwa bodi ya zabuni inayoidhinisha. Kwa miezi kumi na minne alikaimu ukuu wa kitengo cha ununuzi, akiwa na watumishi watano chini yake."

Cheo rasmi hakukigusa. Mwajiri mpya atapiga simu kwenye halmashauri, na huko wanamjua mtu kwa jina lililo kwenye barua. Ukiandika "Meneja Ununuzi" watasema hawana mtu wa cheo hicho. Maelezo mepesi hukaa ndani ya mabano, yakisindikiza. Na anajua mahali pa kuishia: haandiki kwamba cheo hiki "ni sawa na P-3", maana usawa huo hupangwa na mwajiri mwenyewe, naye huangalia pia elimu na miaka ya kazi.

Baadaye alimwita fundi cherehani wa chumba cha jirani, akamsomea mistari hiyo, akamwuliza: huyu bwana anaamua nini, na nani yuko juu yake? Fundi akajibu kwamba anaandaa, bodi inaamua, na kuna wakati aliongoza wenzake. Angekosea moja, mistari ingeandikwa upya.

Mwisho mama alimtuma mteja apeleke karatasi kwa mkuu wake wa kitengo kabla ya kuomba kazi popote, kwa kuwa huyo ndiye atakayepokea simu. Ilirudi na sahihisho moja: watumishi walikuwa wanne, kwa sababu mtunza stoo mmoja alikuwa chini ya idara ya elimu. Mama akafuta watano, akaandika wanne, kisha akaanza kuandika ya Kiingereza.