Mtoto Yuleyule, Jibu Jingine

Mwanafunzi wa uuguzi aliyefanya staji upande wa Nundu, kwenye barabara inayofuata ziwa kutoka Uvira hadi Baraka, aliandika kisa kimoja kwa mistari michache tu. Mtoto wa miaka 2, kilo 10. Homa tangu juzi. Degedege lilimwanza njiani na lilikuwa halijakoma alipofikishwa. Viganja vyeupe. Kipimo cha malaria chanya. Amepewa artesunate.

Mwalimu wake alikata mistari miwili ya mwisho, iliyobaki akaigeuza kuwa swali: uko peke yako zamu ya usiku, utaanza na nini? Upime joto na malaria, uchome artesunate, umlaze mtoto ubavu na kusafisha njia ya hewa, au utafute mshipa uweke serumu?

Wanaokosea hawakosei kwa kubahatisha. Wengi huchagua artesunate, na hoja yao ina nguvu: malaria ndiyo inayomuua mtoto huyu, na artesunate ndiyo dawa yake. Ila swali halikuuliza kipi muhimu kuliko vyote. Limeuliza kipi kinatangulia, na hayo ni mambo mawili. Artesunate huanza kupunguza vimelea baada ya saa kadhaa. Mate na matapishi yaliyojaa kooni humwua mtoto kwa dakika chache. Ukiichoma artesunate baada ya dakika kumi, hujapoteza kitu kikubwa. Ukichelewa dakika hizo kumi kwenye koo, hakutakuwa na wa kumchoma.

Kwa hiyo jibu ni ubavu na njia ya hewa. Mlaze, fyonza au futa kilichomo mdomoni, usimtie kijiko wala kidole kati ya meno. Oksijeni ikiwepo, mpe kwa mrija wa puani, lita 1 hadi 2 kwa dakika. Mpaka hapa swali ni rahisi, na mwalimu aliyeridhika na jibu hilo ameacha nusu ya somo mezani. Kazi yenyewe iko kwenye hatua ya pili, ya tatu na ya nne, maana huko kanuni ya hewa, pumzi, damu haitoshi tena kukuongoza.

Muuguzi aliye peke yake hupanga hatua hizo kwa kuangalia kila moja inahitaji nini. Diazepamu ya njia ya haja kubwa haihitaji mshipa. Kipimo ni miligramu 0.5 kwa kilo, yaani miligramu 5 kwa mtoto huyu, ambazo ni mililita 1 kutoka ampuli ya miligramu 10 yenye mililita 2. Basi itangulie, kwa sababu kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto anayerukaruka kunaweza kula robo saa. Mfuko wa kupulizia hewa na kinyago chake viwe karibu, kwani diazepamu inaweza kupunguza pumzi. Na kama degedege limekoma wakati bado unavuta dawa, weka sindano chini. Dawa hiyo ni ya kusimamisha degedege linaloendelea, si ya kumlaza mtoto aliyetulia.

Ndipo mshipa. Hapa maandishi ya mwanafunzi yana kasoro inayofundisha: sukari ya damu haimo kabisa. Malaria kali hushusha sukari, na sukari ikishuka huleta degedege na kupoteza fahamu, dalili zilezile tunazozihesabia malaria ya ubongo. Kwa hiyo mchomo mmoja utumike kwa kazi zote: damu ya sukari, ya wekundu wa damu, ya kundi na ya malaria itoke kwanza, kisha glukosi iingie kwa njia hiyohiyo. Ukigeuza mpangilio, kipimo cha sukari kitasoma ulichomtia wewe.

Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, au kama hakuna mashine ya kupimia, mtoto anapewa glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kilo 10, mililita 50. Kabatini mara nyingi kuna ya asilimia 50 tu: vuta mililita 10, ongeza 40 za maji safi ya sindano. Baada ya nusu saa pima tena. Artesunate inafuata sasa, miligramu 3 kwa kilo kwa sababu hajafika kilo 20, hivyo miligramu 30: nusu ya chupa ya 60, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja.

Tumepita serumu bila kuigusa, na wanafunzi hulalamika hapo. Mtoto mweupe, moyo unakimbia, kwa nini asimiminiwe maji haraka? Jibu lilitoka katika eneo letu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulifuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa takribani 10.5 kwa kila 100; wasiomiminiwa, 7.3. Mtoto wa swali letu, mwenye viganja kama karatasi, anahitaji damu. Ndiyo maana kundi lake lilipimwa kwenye mchomo ule wa kwanza.

Sasa badilisha dalili. Umri uleule, kilo zilezile, usiku uleule, ila badala ya homa na degedege ana kuhara maji kama ya mchele, macho yamezama, ngozi ukiivuta inarudi polepole, na hawezi kunywa. Mwambao wa Fizi kipindupindu si mgeni, na watoto hawa wawili wanaweza kuletwa usiku mmoja. Huyu anahitaji ringa sasa hivi: mililita 300 kwa nusu saa ya kwanza, kisha 700 kwa saa mbili na nusu. Chupa ambayo ingemdhuru wa kwanza ndiyo inayomrudisha wa pili. FEAST haipingani na hilo, kwa kuwa watoto wa kuhara hawakuingizwa katika utafiti ule.

Mimi swali zuri la aina hii nalipima hapo. Maelezo yabaki yaleyale, igeuzwe dalili moja, uone kama jibu linageuka nalo. Lisipogeuka, mwanafunzi amekariri herufi ya jibu. Mwongezee mtoto wa kuhara miguu iliyovimba na mbavu zinazohesabika, na ule mpango wa mililita 300 kwa nusu saa haufai tena, kwa sababu moyo wa mtoto mwenye utapiamlo mkali hauwezi kubeba maji mengi kwa mkupuo. Mtu anarudi kwenye maji ya kunywa kidogokidogo, kwa mrija wa puani asipoweza kumeza, na mshipa unabaki wa mshtuko tu.

Kuna jambo ambalo maswali haya hayalifikii. Karatasini hatua hufuatana. Wodini mama wa mtoto anaweza kukishika kichwa ubavu huku wewe unavuta diazepamu, na mtu wa usafi akakimbilia jenereta ili mashine ya oksijeni iwake. Mwanafunzi wetu aliandika dawa aliyopewa mtoto, ila hakuandika nani alishika nini. Katika toleo la pili la swali mwalimu aliongeza mstari: mama yupo, ana nguvu, anasubiri kuambiwa. Jibu sahihi likawa sentensi ya kumwambia mama.